Programu Inayosubiri Jibu Lisilokuja

Saa nane usiku kompyuta ya ofisi huamsha programu ndogo ya Python ikachote ripoti ya mauzo ya jana kutoka seva ya mbali. Kwa kawaida kazi hiyo haichukui hata dakika moja. Leo asubuhi ripoti haipo, na hakuna kosa lolote lililoandikwa. Programu yenyewe iko hai kwenye orodha ya kazi zinazoendelea, ila haigusi prosesa. Ukiikatiza kwa Ctrl+C, miongoni mwa mistari ya mwisho inayomwagika kwenye skrini utaona `recv_into`: ilikuwa inasubiri data kutoka mtandaoni. Ingeachwa, ingesubiri mpaka umeme ukatike.

Chanzo ni kwamba maktaba ya `requests`, wanayoitumia waandishi wengi wa Python kuzungumza na seva, haina kikomo cha kusubiri usipoiwekea mwenyewe. Thamani yake ya `timeout` ni `None`, maana yake subiri tu.

Wengi hudhani kiungo kikikatika kompyuta itajua. Si lazima. Programu ikishatuma ombi lake na likapokelewa, haina tena cha kutuma, inasikiliza tu. Ruta iliyo katikati ikisahau kiungo hicho, au seva ikazimika ghafla bila kuaga, hakuna pakiti inayokuja kutoa taarifa. Kwa upande wetu, ukimya wa seva iliyokufa na ukimya wa seva inayoandaa jibu havina tofauti.

Kuna kungoja kwa aina mbili, na hapo mfano wa simu unafaa: kwanza simu inaita mpaka ipokelewe, kisha aliyepokea anatakiwa aseme. Ile ya kwanza, hata usipoweka kikomo, Linux yenyewe hukata tamaa baada ya dakika mbili hivi. Ya pili haina mwisho. Unaweza kujionea mwenyewe kwa seva bubu:

```python
import socket
s = socket.create_server(("127.0.0.1", 8000))
input()
```

Iache ikiendelea, ufungue dirisha jingine:

```python
import requests
requests.get("http://127.0.0.1:8000", timeout=(5, 10))
```

Baada ya sekunde 10 utapata `ReadTimeout`. Ondoa `timeout` na utakaa hapo. Seva ile haijapokea simu kwa mikono yake. Mfumo wa kompyuta umeipokea kwa niaba yake, na ndiyo maana kuunganishwa peke yake hakuthibitishi kwamba kuna mtu upande wa pili.

Namba ya kwanza kwenye mabano ni ya kuunganisha. Maelezo rasmi ya `requests` hupendekeza kitu kinachozidi kidogo kizidisho cha 3, kama 3.05, kwa kufuata muda wa zamani wa kurudia pakiti iliyopotea. Siku hizi Linux hurudia mara ya kwanza baada ya sekunde 1, na rudio jingine hutoka kwenye sekunde ya 3. Ukikata kwenye 3.05, jibu la rudio hilo lina sehemu 5 tu za mia za sekunde kufika. Kutoka Dar es Salaam hadi seva iliyoko Ulaya, hazitoshi kwenda na kurudi. Naona 5 ni salama zaidi.

Namba ya pili haitokani na kubahatisha. Pima majibu ya siku za kawaida na za mwisho wa mwezi, kisha utazame yaliyochelewa zaidi lakini yakafika, wastani usikudanganye. Ikiwa ripoti nzito hutumia sekunde 12, weka 25 au 30. Seva nyingi hukaa nyuma ya nginx, ambayo bila kubadilishwa huchoka kuisubiri programu iliyo nyuma yake baada ya sekunde 60, kwa hiyo kungoja dakika tano mara nyingi hakukuongezei kitu.

Namba hiyo, hata hivyo, haipimi muda wote wa kupakua. Inapima ukimya kati ya kipande cha data na kingine. Seva inayodondosha baiti moja kila sekunde 20 itapita chini ya kikomo cha 30 usiku kucha. Kazi ikihitaji mwisho wa uhakika, iendeshe kwa amri ya nje:

```
timeout 300 python3 ripoti.py
```

Kosa likitokea, usiharakishe kurudia. `ConnectTimeout` inamaanisha kiungo hakikupatikana, basi ombi halikuondoka na unaweza kujaribu tena bila hofu. `ReadTimeout` ni habari nyingine: seva huenda imeshatekeleza ombi, jibu ndilo halijafika. Kusoma ripoti mara mbili hakuna madhara. Kama ombi lilikuwa la kulipa, hakiki kwanza hali ya muamala, maana kulirudia kunaweza kumkata mteja mara mbili.