Seva Ikisema HELO, Nani Anaithibitisha?

Barua pepe ikirudishwa, mtu wa kwanza kulaumiwa ni karani aliyeandika anwani. Anaambiwa aikague upya, aifute, aiandike tena herufi kwa herufi. Mara nyingi anwani haina kasoro yoyote. Kasoro iko kwenye jina ambalo seva ya mtumaji ilijitambulisha nalo kabla hata barua haijaanza kusafiri.

Seva mbili zinapopelekeana barua kupitia mlango namba 25, inayotuma hubisha hodi kwa neno HELO na kutaja jina lake. Utaratibu huo uliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, na baadaye likaongezwa neno EHLO, linalotumiwa na seva karibu zote za leo. Ugumu ni kwamba jina hilo linatajwa na mgeni mwenyewe. Hakuna kinachomzuia mtuma barua taka kujiita benki, chuo kikuu au hata jina la seva ile ile anayoibishia hodi. Ndiyo maana wapokeaji wamejifunza kulipima jina kabla ya kuliamini.

Kipimo cha kwanza ni umbo. Jina linatakiwa liwe kamili, pamoja na kikoa chake: `mail.ushirika.example` linafaa, lakini `localhost` au `seva1` hayafai, kwa kuwa hayaonyeshi mashine yoyote duniani. Kipimo cha pili ni kama jina hilo lipo kwenye DNS. Kipimo cha tatu ni rahisi kuliko vyote: mgeni akijitambulisha kwa jina la mwenyeji au kwa anwani ya IP ya mwenyeji, anadanganya, na seva nyingi humfungia mlango papo hapo.

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika kilichoweka seva yake ya barua kwenye anwani 203.0.113.25. Fundi amesakinisha programu na barua za ndani zinakwenda vizuri, lakini barua ya kwanza kwa mnunuzi wa nje inakataliwa:

```
EHLO localhost
MAIL FROM:<karani@ushirika.example>
250 2.1.0 Ok
RCPT TO:<mnunuzi@pokezi.example>
504 5.5.2 <localhost>: Helo command rejected:
need fully-qualified hostname
```

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Programu ya Postfix, inayotumika sana kwenye seva za barua, kwa kawaida hungoja mpaka mtumaji ataje mpokeaji ndipo itoe hukumu, hata kama kosa ililiona tangu kwenye salamu. Kwa hiyo jibu la kukataa linaonekana limesimama mbele ya anwani ya mnunuzi, na karani anaikagua bure. Aliyesoma mstari wote anaona kilichokataliwa: `<localhost>`.

Fundi anabadilisha salamu iwe `ushirika.example`. Jina ni kamili na lipo kwenye DNS, lakini tatizo halijaisha. Jina hilo tupu ndilo la tovuti ya chama, na tovuti iko kwenye mashine nyingine yenye anwani nyingine. Mpokeaji akiuliza DNS, anaelekezwa kwa mashine ambayo si hii inayozungumza naye. Ni afadhali seva ya barua ipewe jina lake yenyewe, lisilotumiwa na kitu kingine, kama `mail.ushirika.example`.

Baada ya hapo kuna pande mbili za kulinganisha. Upande wa mbele, jina huelekeza kwenye anwani ya IP kupitia rekodi ya A, na rekodi hiyo huandikwa na mwenye kikoa. Upande wa nyuma, anwani ya IP huelekeza kwenye jina kupitia rekodi ya PTR, na hii huandikwa na anayemiliki fungu la anwani, yaani mtoa huduma wa intaneti au kampuni inayokodisha seva. Kwa Afrika, mafungu hayo hugawiwa na AFRINIC, yenye makao Mauritius, ambayo pia huwakabidhi waliopewa mafungu hayo mamlaka ya upande wa nyuma. Fundi wa ushirika anaweza kukaa usiku kucha kwenye ukurasa wa kikoa chake asiipate PTR, kwa sababu haipo huko. Lazima amwandikie mtoa huduma.

Nguvu ya kipimo hiki inatokana na mgawanyo huo. Mwenye fungu la anwani akiwa na nia mbaya anaweza kuandika PTR inayotaja kikoa cha Google, lakini hawezi kuingiza anwani yake kwenye rekodi za Google. Mwenye kikoa naye hawezi kujiandikia PTR kwenye anwani zisizo zake. Mpokeaji huanza na anwani, anapata jina, kisha analigeuza jina hilo kuwa anwani. Akirudi alipoanzia, pande mbili zimekubaliana.

Gmail iliufanya ulinganifu huu kuwa sharti kwa watumaji wote kuanzia Februari 2024. Anayekosa PTR, au ambaye PTR yake hairudi kwenye anwani ile ile, anaweza kukataliwa kwa namba 550-5.7.25.

Jina la HELO lenyewe lina hukumu nyepesi kidogo. Kanuni za SMTP za mwaka 2008, RFC 5321, zinamruhusu mpokeaji kuangalia kama jina la salamu linaoana na anwani, lakini zinamkataza kukataa barua kwa kukosekana kwa ulinganifu huo peke yake. Kwa hiyo wengi huitumia tofauti hiyo kuongeza alama za shaka, na barua huishia kwenye folda ya taka bila mtumaji kujua. Njia salama ni kutumia jina moja kote: kwenye salamu, kwenye A na kwenye PTR. Si lazima jina hilo lifanane na kikoa cha anayeandika barua, kwani seva moja inaweza kuhudumia vikoa vingi.

Fundi wetu anaanza na rekodi ya A, kwa sababu baadhi ya watoa huduma hawaweki PTR kabla hawajaiona. Kisha anaomba PTR, na kwenye Postfix anaandika `smtp_helo_name = mail.ushirika.example`. Mwisho anahakiki:

```
dig +short mail.ushirika.example
203.0.113.25
dig +short -x 203.0.113.25
mail.ushirika.example.
```

Ushahidi mwingine uko ndani ya barua yenyewe. Anatuma barua ya majaribio kwenye seva nyingine ya Postfix, kisha anafungua vichwa vyake kamili. Akikuta mstari huu, kazi haijaisha:

```
Received: from mail.ushirika.example (unknown [203.0.113.25])
```

Jina la kwanza ni lile la salamu. Ndani ya mabano ndimo mpokeaji anapoandika alichokithibitisha mwenyewe, na `unknown` maana yake pande mbili hazikukutana. Aangalie pia anwani iliyoandikwa hapo. Seva yenye IPv6 mara nyingi hutoka kwa njia hiyo, na PTR iliyowekwa kwa IPv4 peke yake haitaisaidia. Kila anwani inayotoka nje inahitaji jozi yake.

Anayetaka kuweka seva ya barua na amuulize mtoa huduma maswali mawili kabla ya kulipa: je, anwani ya IP ni ya kudumu, na je, PTR itaandikwa kwa jina atakalolichagua mteja? Jibu likiwa hapana kwa moja kati ya hayo, atafute mtoa huduma mwingine, au apitishie barua zake kwenye seva ya kampuni ambayo tayari imetimiza masharti hayo.