Homa ya mtoto: Kabla ya kusoma jibu la CRP, angalia saa

Huenda umewahi kumpeleka mtoto mwenye homa hospitalini, akatolewa damu, kisha ukakabidhiwa karatasi ya maabara iliyoandikwa CRP. Katika baadhi ya hospitali kubwa utakuta pia PCT, yaani prokalsitonini, ambacho ni kipimo cha bei ya juu zaidi. Namba ikiwa ndogo, mzazi hushusha pumzi. Ikiwa kubwa, huulizia antibayotiki. Kabla hujafanya lolote kati ya hayo, jiulize: homa ilianza saa ngapi, na damu ilichukuliwa saa ngapi?

Vipimo hivi havimtafuti bakteria mwenyewe, vinapima namna mwili unavyojibu. CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili unaposhambuliwa au kujeruhiwa, na kazi hiyo huchukua muda. Kwa kawaida huanza kupanda baada ya saa 6 hadi 12, na hufika kileleni karibu siku ya pili. Prokalsitonini huwahi zaidi: huanza kupanda ndani ya saa 2 hadi 4, na hufika kileleni ndani ya siku ya kwanza.

Chukua mfano wa mtoto wa miaka miwili mwenye nimonia inayoanza. Homa imepanda saa 12 jioni, na saa 4 usiku anapimwa. CRP inasoma miligramu 8 kwa lita. Maabara nyingi huhesabu chini ya 10 kuwa ni kawaida, hivyo wazazi wanarudi nyumbani na dawa ya kushusha homa. Lakini CRP inapopanda inaweza kuongezeka maradufu kila baada ya saa 8 hivi. Saa 12 asubuhi itakuwa 16, saa 8 mchana 32, na saa 4 usiku unaofuata 64. Jibu la kwanza halikuwa na kosa. Damu ilichukuliwa mapema mno.

Ndiyo maana CRP ndogo katika saa za mwanzo za homa haitoshi kumtoa mtoto hatarini. Daktari akikuambia umrudishe kesho kupimwa tena, usione anakusumbua. Namba mbili zilizopishana kwa saa 12 hadi 24 humweleza mengi kuliko moja.

Upande wa pili, namba kubwa si ushahidi kamili wa bakteria. CRP hupanda pia baada ya upasuaji, mtu anapoungua, na hata kwa baadhi ya virusi. Prokalsitonini hutofautisha vizuri kiasi, kwa sababu kemikali ambazo mwili hutoa unapopambana na virusi huizuia isipande sana. Hata hivyo, nayo ina mipaka yake. Jipu au maambukizi yaliyobaki sehemu moja ya mwili yanaweza yasiipandishe. Kwa mtoto mchanga, hupanda yenyewe katika siku mbili za kwanza baada ya kuzaliwa, hata akiwa mzima.

Kwa wanaoishi maeneo yetu, kuna jambo moja kubwa zaidi: malaria hupandisha vyote viwili, wakati mwingine kwa kiwango kikubwa sana. Kwa hiyo CRP ya 100 kwa mtoto ambaye hajapimwa malaria haikuambii kama anahitaji antibayotiki, dawa ya malaria au vyote viwili. Kipimo cha malaria kifanyike kwanza au pamoja. Anayeweza kumtaja bakteria kwa jina ni kipimo cha kuotesha damu au mkojo, ambacho majibu yake huchukua siku kadhaa.

Mtoto akishaanza antibayotiki, usishtuke CRP ikiendelea kupanda siku ya kwanza. Dawa ikifanya kazi, CRP na prokalsitonini hupungua kwa karibu nusu kila siku. Zisiposhuka baada ya siku mbili, daktari anapaswa kujiuliza kama dawa ndiyo sahihi au kama kuna usaha uliojificha mahali.

Unachoweza kufanya wewe ni kuandika saa homa ilipoanza, dawa uliyompa na saa uliyompa, kisha kumwonyesha daktari. Tunza karatasi ya jibu la kwanza. Usiende na namba hiyo duka la dawa kununua antibayotiki.

Na hata CRP ikiwa ndogo, mrudishe mtoto hospitalini mara moja akipumua kwa shida, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea na kuwa mgumu kuamka. Mwenye umri chini ya miezi mitatu akipata homa, usisubiri dalili hizo wala usisubiri kesho.