iOS 18 Iliruka Aje Hadi 26? Soma Namba za Apdeti Usiuziwe Mbuzi kwa Gunia

Kama una iPhone na Septemba 2025 uliletewa iOS 26 ukiwa bado kwa 18, najua uliuliza: 19 hadi 25 zilienda wapi? Hazijawahi kuwa, buda. Apple waliacha kuhesabu moja moja wakaanza kufuata mwaka. Na bado wamecheza kidogo, ju ilitoka 2025 wakaiandika 26.

Wenye hufuata kalenda bila kona ni Ubuntu, ule mfumo wa bure wa kompyuta. Toleo lao la kwanza lilitoka Oktoba 2004 likaitwa 4.10, yaani mwaka halafu mwezi. 2006 walipanga kutoa 6.04, kazi ikachelewa hadi Juni, ikabidi iitwe 6.06. Manze, namba yenyewe ikawachoma!

Sasa hii inakusaidia aje? Sema unanunua laptopu ya mkono wa pili na msee anakushow, "Hii iko na Ubuntu 23.10, ni mpya kabisa." Fungua ile dirisha ya kuandika amri, uandike:

```
lsb_release -a
```

Ikikubali ni 23.10, piga hesabu. Matoleo yao ya kawaida hupata apdeti kwa miezi 9. Oktoba 2023 ukiongeza 9 unafika Julai 2024. Kutoka hapo mashimo ya usalama hayazibwi tena, na wewe ndio unataka kuingia M-Pesa na benki kwa hiyo mashini. Toleo la 24.04 ni stori ingine. Yale ya Aprili ya mwaka usio witiri huitwa LTS na hupewa miaka 5, so hiyo inafika 2029. Kuhama ni bure, lakini usiongeze doo ju ya neno "mpya".

Shida ya kalenda ni moja: inakuambia umri, haikuambii nini kitavunjika. Hapo ndio namba za kawaida hushinda. Chukua 2.4.1. Ikienda 2.4.2, wamerekebisha makosa tu. Ikienda 2.5.0, kuna kitu kipya lakini vya zamani bado vinafanya. Ikiruka 3.0.0, mwenye apu anakuonya kuna vitu vya zamani vitakataa. Python walifanya hivyo. Hii laini ilikuwa sawa kwa Python 2:

```
print "sasa"
```

Kwa Python 3 inakataa, inataka mabano. Wasee waliandika kodi zao upya.

Lakini hiyo ni ahadi ya mwenye apu tu, na kuna wenye huivunja. Pia "3" haikuambii ni ya lini. Python 3.0 ilitoka Desemba 2008, kitambo sana.

Ka uko na Android, cheki namba ya WhatsApp yako. Ile 2 ya mbele haisongi, lakini inayofuata ni mwaka. Ukipata 2.23, hiyo ni ya 2023.