Mwangwi Chumbani: Sogeza Maiki Kwanza
Piga makofi mara moja katikati ya chumba chenye vigae na kuta za saruji. Mlio ukibaki hewani, maiki nayo itaunasa. Kabla ya kununua chochote, isogeze kutoka sentimita 60 hadi 15 mdomoni, kisha punguza geini: sauti yako inabaki ileile, mwangwi unashuka. Iweke pembeni kidogo ya mdomo, pumzi isiipige.

Halafu tundika blanketi zito nyuma yako, si nyuma ya maiki kama wengi wafanyavyo. Maiki inayosikia upande mmoja inakutazama wewe pamoja na ukuta ulio mgongoni mwako. Liache sentimita 10 mbali na ukuta. Trei za mayai? Bure tu, afadhali godoro lililosimamishwa. Ila mngurumo wa besi blanketi haliuwezi.