Marudio ya vipindi: neno lirudiwe lini?

Marudio ya vipindi ni mbinu ya kujifunza msamiati ambayo huyatawanya marudio ya neno katika siku mbalimbali, na kila mara neno linapokumbukwa, muda wa kusubiri huongezwa. Kinyume chake ni kukariri kwa mkupuo, yaani kulirudia neno mara nyingi katika kikao kimoja.

Tofauti ya mbinu hizi ilipimwa zamani. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Kijerumani aliyejifanyia majaribio kwa silabi zisizo na maana, alieleza kuwa marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 yaliyofanywa siku moja. Sababu inayokubalika na wengi ni kwamba kumbukumbu huimarishwa na juhudi ya kulitafuta neno akilini. Katika mkupuo neno bado li karibu, hivyo kulitamka tena hakudai juhudi yoyote. Mwanafunzi hudhani amelijua, kumbe amelisikia tu dakika mbili zilizopita.

Basi muda mwafaka ni pale neno linapokaribia kusahaulika, lakini halijasahaulika. Kanuni ya SM-2, iliyoundwa na Piotr Woźniak wa Poland mwaka 1987, hukadiria muda huo kwa hesabu nyepesi: marudio ya kwanza ni baada ya siku 1, ya pili baada ya siku 6, kisha kila muda huzidishwa kwa kizidishi kinachoanzia 2.5.

Tuchukue kitenzi *tanabahi*. Ukijifunza tarehe 1 Machi, utakirudia tarehe 2, kisha tarehe 8. Siku 6 zikizidishwa kwa 2.5 ni 15, hivyo utarudi tarehe 23. Mara 2.5 tena ni siku 37.5, nazo hufanywa 38: tarehe 30 Aprili. Marudio manne yametosha miezi miwili. Ukikumbuka kwa shida kubwa, kizidishi hupungua, ila hakishuki chini ya 1.3. Ukisahau, unaanza upya na siku 1.

Hata hivyo, hesabu haiponyi kadi mbovu. Neno likirudi siku ya kwanza mara nne au tano, kasoro haiko katika muda. Mara nyingi maneno mawili yanagongana: mwanafunzi anaulizwa *adibu* akajibu *adili*. Dawa ni kuondoa tafsiri ya neno mojamoja na kuandika sentensi yenye pengo: “Mzazi alim…… mwanawe kwa kumtukana jirani.” Kati ya mawili hayo, hapo ni *alimwadibu* pekee linalokubalika.

Mkupuo una nafasi yake: kwa mtihani wa kesho asubuhi unaweza kutosha. Mfasiri, anayelihitaji neno baada ya mwaka, hautamfaa.