Gego Linaloweza Kuokolewa

Gego kubwa la kwanza la chini huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, na mara nyingi ndilo huoza mapema. Uozo ukifika kwenye kiini, penye neva na mishipa ya damu, maumivu humwamsha mtu usiku. Kisha hunyamaza. Wengi hudhani wamepona, kumbe neva imekufa na bakteria wanashuka mzizini, ambako jipu huweza kutunga.

Daktari humchoma mgonjwa ganzi, hulizungushia jino mpira ili mate yasiingie, kisha hulitoboa kwa juu. Gego hili kwa kawaida lina mizizi 2 lakini mifereji 3, pengine 4. Mmoja ukisahaulika, maradhi huweza kurudi. Kila mfereji hupimwa urefu, husuguliwa kwa tupa nyembamba na kuoshwa kwa hipokloriti ya sodiamu, kemikali ileile ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Ukishakauka hujazwa gutapecha, utomvu mgumu wa mti. Mwishowe jino huvishwa kofia, kwa sababu gego lililotobolewa hupasuka kwa urahisi.

Kung'oa ni haraka na nafuu zaidi siku ile. Lakini pengo likiachwa, gego la nyuma huweza kuinamia mbele, na la juu likashuka taratibu kwa kukosa la kukutana nalo, hata kutafuna kukawa taabu. Ila mzizi ukiwa umepasuka wima, tiba hii haifai, na jino hung'olewa.