Kumwongezea Mshahara Anayeaga

Mhasibu anayelipwa shilingi 900,000 kwa mwezi anapoleta barua ya kuacha kazi kwa kuwa kwingine ameahidiwa 1,200,000, mwajiri huharakisha kupiga hesabu ya nyongeza. Kwanza ajue sababu ya kuondoka. Ikiwa ni mshahara pekee, na soko kweli linalipa zaidi, nyongeza yaweza kumbakiza, ila wenzake wa ngazi hiyo nao watastahili. Lakini kama alikwisha kumlalamikia msimamizi wake au kurukwa katika kupandishwa cheo, fedha huahirisha tu safari yake. Hapo ni afadhali kuitumia notisi, ambayo sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inataka isipungue siku 28 kwa mwajiriwa wa mwezi, kukabidhiana hesabu na kutafuta mrithi.